Mistari ya Ulinganifu na Ulinganifu wa Mzunguko wa Poligoni Sawa

Chora mraba kwenye karatasi, kisha waulize wanafunzi wenzako watatu una mistari mingapi ya ulinganifu. Kuna uwezekano mkubwa utapata majibu matatu tofauti: mbili, nne na nane. Aliyesema mbili amehesabu mistari inayotoka kona hadi kona tu, au ile inayokata pande katikati tu. Aliyesema nane ameanza kuhesabu kwenye kila kona na kwenye kila katikati ya upande, akasahau kwamba mstari mmoja una ncha mbili. Aliyesema nne amepatia, lakini ukimwuliza kwa nini ni nne, mara nyingi atajibu kwamba mwalimu alisema idadi ya mistari ni sawa na idadi ya pande.

Mwalimu alisema kweli. Tatizo ni kwamba swali la mtihani likigeuzwa kidogo tu, kanuni iliyokaririwa haisaidii. Katika sura hii tutajifunza kuhesabu mistari hiyo bila kurudia wala kuruka, tuone kwa nini jibu ni idadi ya pande, kisha tuone ni wapi kanuni hiyo haifanyi kazi.

Maneno tutakayotumia

Poligoni ni umbo bapa lililofungwa kwa pande zilizonyooka. Tutaiita poligoni sawa ikiwa pande zake zote ni sawa kwa urefu na pembe zake zote ni sawa kwa nyuzi. Masharti yote mawili ni lazima. Rombasi ina pande nne sawa, lakini pembe zake zinaweza zisiwe sawa. Mstatili una pembe nne sawa, lakini pande zake zinaweza zisiwe sawa. Kati ya pembenne, mraba peke yake ndio unaotimiza masharti yote mawili. Tutatumia herufi n kwa idadi ya pande. Kona ya poligoni tutaiita kipeo.

Mstari wa ulinganifu ni mstari ambao ukilikunja umbo juu yake, nusu moja inalala juu ya nusu nyingine bila kubaki wala kupungua. Ulinganifu wa mzunguko ni hali ya umbo kuzungushwa kwenye kitovu chake na kuonekana kama halijaguswa kabla halijamaliza mzunguko mzima. Idadi ya mara umbo linavyojifunika ndani ya mzunguko mmoja wa nyuzi 360 inaitwa daraja la ulinganifu wa mzunguko. Mara ya mwisho, umbo linaporudi mahali lilipoanzia, nayo inahesabiwa. Ndiyo maana hakuna umbo lenye daraja sifuri. Umbo linalojifunika mara moja tu, yaani kwenye nyuzi 360, lina daraja 1, na tunasema halina ulinganifu wa mzunguko.

Kazi ya mikono: pentagoni ya karatasi

Usiruke sehemu hii hata kama unaona unajua. Chukua bikari, chora duara lenye nusukipenyo cha sentimita 5. Weka kipima pembe kwenye kitovu, pima nyuzi 72 mara tano kuzunguka duara (72 × 5 = 360), weka alama tano kwenye duara na uziite A, B, C, D na E kwa mfuatano. Ziunganishe kwa rula, kisha kata umbo hilo kwa mkasi. Hiyo ni pentagoni sawa.

Sasa kunja karatasi ili B ilale juu ya E. Kama umekata vizuri, C nayo italala juu ya D bila kulazimishwa. Fungua uangalie mkunjo umepita wapi: unatoka kwenye kipeo A, unapita kwenye kitovu, unatokea katikati kabisa ya upande CD. Rudia kwa kipeo B, kisha C, D na E. Utapata mikunjo mitano, na yote inakutana kwenye kitovu. Kama mikunjo yako haikutani mahali pamoja, kosa lipo kwenye kupima zile nyuzi 72, mara nyingi kwenye ile ya mwisho ambako makosa madogo yote hujilimbikiza.

Jaribu kutafuta mkunjo wa sita. Hutaupata, na tutaona sababu hivi punde.

Kwa upande wa mzunguko, weka pentagoni yako juu ya karatasi nyingine na uchore ukingo wake. Toboa kitovu kwa pini, pigilia pini hiyo kwenye kipande cha boksi, na weka doa la wino kwenye kipeo kimoja. Doa hili si pambo. Bila doa huwezi kujua umezungusha kiasi gani, kwa sababu pentagoni iliyozungushwa nyuzi 72 haina tofauti na ile ambayo haijazungushwa. Zungusha taratibu. Umbo litajaza ukingo uliochora kwenye nyuzi 72, 144, 216, 288 na 360. Ni mara tano, hivyo daraja ni 5.

Kwa nini mistari ni n kamili

Vipeo vyote vya poligoni sawa vimekaa kwenye duara moja. Ukikunja poligoni ikajifunika, duara lile nalo limejifunika, na duara hujifunika tu ukilikunja kwenye kipenyo chake. Kwa hiyo kila mstari wa ulinganifu lazima upite kwenye kitovu.

Swali linalofuata ni mstari huo unatokea wapi kwenye ukingo. Tuseme unatokea kwenye upande fulani, kati ya vipeo viwili. Ukikunja, upande huo lazima ujifunike wenyewe, kwa sababu sehemu inayoguswa na mkunjo haihami. Ili upande ujifunike wenyewe, vipande vyake viwili lazima viwe na urefu sawa. Basi mstari unaukata upande katikati. Ukitokea mahali pengine popote kwenye upande, kipande kimoja kitakuwa kirefu na kitachomoza. Kwa hiyo mstari wa ulinganifu unaweza kutokea kwenye sehemu za aina mbili tu: kwenye kipeo, au katikati ya upande.

Vipeo viko n. Katikati za pande ziko n. Jumla ni sehemu 2n ambako mstari unaweza kutokea. Kila moja ya sehemu hizo inatumika kweli, kwa sababu pande na pembe za poligoni sawa zinafuatana kwa namna ileile kulia na kushoto kwake. Na kila mstari una ncha mbili, hivyo unatumia sehemu mbili. Idadi ya mistari ni

2n ÷ 2 = n

Hapa ndipo aliyejibu nane kwa mraba alipokosea. Alihesabu sehemu 2n (vipeo vinne na katikati nne) akasahau kugawa kwa mbili.

Witiri na shufwa: tazama uso wa saa

Jibu ni n kwa kila poligoni sawa, lakini mistari yenyewe haipiti mahali pa aina moja. Kwa pentagoni, kila mstari ulitoka kwenye kipeo ukaenda katikati ya upande. Kwa mraba, miwili inatoka kipeo hadi kipeo, na miwili mingine inatoka katikati ya upande hadi katikati ya upande unaoukabili. Maswali mengi yanayowakosesha wanafunzi alama yanatoka hapa.

Chukua heksagoni sawa, yenye pande sita. Ina vipeo sita na katikati sita, jumla sehemu 12, na zinapishana: kipeo, katikati, kipeo, katikati, hadi mwisho. Zipange kwenye uso wa saa ya ukutani. Weka vipeo kwenye namba shufwa: 12, 2, 4, 6, 8, 10. Katikati za pande zikae kwenye namba witiri: 1, 3, 5, 7, 9, 11. (Soma namba zilizoandikwa kwenye saa, usizigeuze kuwa saa za Kiswahili, la sivyo kipeo cha 12 utakiita saa sita na kila kitu kitavurugika.) Namba inayoikabili 12 ni 6, zote vipeo. Inayoikabili 1 ni 7, zote katikati. Kwa hiyo heksagoni ina mistari mitatu ya kipeo kwa kipeo (12 na 6, 2 na 8, 4 na 10) na mitatu ya katikati kwa katikati (1 na 7, 3 na 9, 5 na 11). Jumla 6.

Sasa tengeneza "saa" ya pentagoni. Ina sehemu 10, kwa hiyo andika namba 1 hadi 10 kuzunguka duara, vipeo kwenye shufwa na katikati kwenye witiri. Sehemu inayoikabili nyingine iko hatua tano mbele. Kutoka 2, hatua tano ni 7: kipeo kinakabili katikati. Ukijumlisha 5 kwenye namba shufwa unapata witiri, na kwenye witiri unapata shufwa. Kwa hiyo hakuna namna ya kipeo kukabili kipeo.

Hiyo ndiyo sababu nzima. Kwenye poligoni yenye pande n, sehemu inayokabili iko hatua n mbele. Kama n ni witiri, kila mstari unaunganisha kipeo na katikati ya upande, na mistari yote n ni ya aina moja. Kama n ni shufwa, mistari n/2 inaunganisha vipeo viwili na mistari n/2 inaunganisha katikati mbili.

Pembetatu yenye pande zote sawa ina n = 3, witiri, hivyo mistari mitatu ya kipeo kwa katikati. Oktagoni sawa ina n = 8, hivyo minne ya kipeo kwa kipeo na minne ya katikati kwa katikati. Sarafu ya Tanzania ya shilingi 20 ya miaka ya 1990 ilikuwa na pande saba. Ukiiona kwa mzee aliyeihifadhi, geuza upande mmoja uwe chini kama imesimama mezani. Juu kabisa utakuta kona, si upande. Fanya hivyo kwa sarafu ya zamani ya shilingi 5 yenye pande kumi, na juu utakuta upande. Lakini angalia: hapa tunahesabu ukingo wa sarafu peke yake. Ukihesabu pamoja na picha na maandishi yaliyo juu yake, ulinganifu wote unapotea na daraja linakuwa 1.

Mzunguko, na pembe mbili zinazochanganywa

Kwa upande wa mzunguko hesabu ni fupi. Vipeo n vimegawa duara sehemu n zilizo sawa, hivyo kila hatua ni

360° ÷ n

na umbo hujifunika mara n ndani ya mzunguko mmoja. Daraja ni n. Kwa hiyo kwenye poligoni sawa, idadi ya pande, idadi ya mistari ya ulinganifu na daraja la mzunguko ni namba moja.

Lakini usichanganye hatua ya mzunguko na pembe iliyo kati ya mistari miwili ya ulinganifu inayofuatana. Mistari n ina ncha 2n, na ncha hizo zinagawa nyuzi 360 sehemu 2n. Pembe kati ya mstari na mstari unaofuata ni

360° ÷ 2n = 180° ÷ n

yaani nusu ya hatua ya mzunguko. Kwa pentagoni, hatua ya mzunguko ni 72° na pembe kati ya mistari ni 36°. Chukua kipima pembe uhakikishe kwenye mikunjo ya karatasi yako.

Nati na spana

Nenda kwa fundi pikipiki yeyote, hapa Nshambya au kule mjini Bukoba, umtazame akifungua nati. Nati ya kawaida ni heksagoni sawa. Daraja lake ni 6, kwa hiyo spana yenye mdomo wazi inaingia tena kila baada ya nyuzi 60. Fundi anazungusha spana nyuzi 60, anaitoa, anairudisha nyuma, anaishika tena nati, anaendelea.

Namba ya spana nayo imetokana na mistari tuliyohesabu. Spana namba 14 inashika nati ambayo umbali kutoka upande hadi upande unaoukabili ni milimita 14. Huo ni urefu wa mstari wa katikati kwa katikati. Mstari wa kipeo kwa kipeo wa nati hiyohiyo ni mrefu zaidi, kama milimita 16.2. Vipeo vikilika, urefu huo wa pili unapungua ukikaribia 14, nati inaanza kufanana na duara, na spana inateleza.

Sasa tuseme nati imejificha karibu na injini na hakuna nafasi ya kuzungusha nyuzi 60. Fundi ana njia mbili. Njia ya kwanza ni spana ya ringi yenye meno 12 ndani. Umbo la ndani la ringi hiyo ni heksagoni mbili zilizopandishwa, moja ikiwa imezungushwa nyuzi 30 kutoka kwa mwenzake. Daraja lake ni 12, kwa hiyo inaishika nati kila baada ya 360 ÷ 12 = nyuzi 30.

Njia ya pili ndiyo inayonivutia zaidi, kwa sababu inatumia kugeuza badala ya kuzungusha. Tazama spana yenye mdomo wazi: kwa kawaida mdomo haukunyooka na mpini, umepinda nyuzi 15. Fundi anavuta nyuzi 30, anaitoa spana, anaipindua chini juu, anaishika nati tena. Kupindua ni mwakisiko. Mpini uliokuwa nyuzi 15 upande mmoja wa mdomo sasa uko nyuzi 15 upande wa pili. Ukitumia uso mmoja wa spana, mpini unaweza kukaa kwenye nyuzi 15, 75, 135 na kuendelea, ukiongeza 60 kila mara. Ukiipindua, unaweza kukaa kwenye 45, 105, 165 na kuendelea. Zipange pamoja: 15, 45, 75, 105, 135, 165. Nafasi kati yake ni nyuzi 30. Kwa kupindua spana kila mara, fundi anafungua nati mahali penye nafasi ya nyuzi 30 tu.

Na kama nati ingekuwa na pande tano? Katika miji mingi ya Marekani, nati za mabomba ya maji ya zimamoto barabarani zimetengenezwa hivyo makusudi. Kwa kuwa 5 ni witiri, kila upande unakabili kipeo, na hakuna pande mbili zinazoenda sambamba. Mdomo wa spana ya kawaida una kuta mbili sambamba, hivyo hauna pa kushika. Mpita njia mwenye spana hawezi kufungua maji. Anayeweza ni mwenye spana maalumu ya zimamoto.

Mahali kanuni isipofanya kazi

Kanuni ya n ni ya poligoni sawa tu. Kwa maumbo mengine lazima uhesabu mwenyewe.

Mstatili una pande 4 lakini mistari 2 tu, ile ya katikati kwa katikati, na daraja 2. Wanafunzi wengi huongeza mistari ya kona kwa kona. Kunja karatasi ya daftari kwenye kona zake mbili zinazokabiliana uone: pembetatu mbili zinapishana, hazifunikani. Rombasi nayo ina mistari 2 na daraja 2, lakini mistari yake ni ya kipeo kwa kipeo.

Msambamba wa kawaida ndio mtego mkubwa. Hauna mstari hata mmoja wa ulinganifu, lakini ukiuzungusha nyuzi 180 unajifunika, hivyo daraja lake ni 2. Usiandike kamwe kwamba idadi ya mistari huwa sawa na daraja kwa kila umbo. Umbo lenye angalau mstari mmoja lina daraja lililo sawa na idadi ya mistari yake. Umbo lisilo na mstari linaweza kuwa na daraja lolote.

Nyota ya ncha tano ina pande 10 ukizihesabu kuzunguka ukingo wake. Mistari yake si 10. Pande zote ni sawa, lakini pembe si sawa: tano ni kali za nchani na tano ni zile zilizoingia ndani. Mistari ni 5 na daraja ni 5.

Mifano

Mfano 1. Pembe ya ndani ya poligoni sawa ni 156°. Tafuta idadi ya mistari yake ya ulinganifu, na useme inaunganisha nini.

Pembe ya nje ni 180° − 156° = 24°. Pembe za nje zote zinajumlisha 360°, hivyo n = 360 ÷ 24 = 15. Mistari ni 15. Kwa kuwa 15 ni witiri, yote inaunganisha kipeo na katikati ya upande unaokikabili. Zingatia kwamba pembe ya nje, 24°, ndiyo pia hatua ya mzunguko. Zote mbili ni 360° ÷ n.

Mfano 2. Pembe kati ya mistari miwili ya ulinganifu inayofuatana ya poligoni sawa ni 22.5°. Poligoni hiyo ina pande ngapi?

180 ÷ n = 22.5, hivyo n = 180 ÷ 22.5 = 8. Ni oktagoni. Aliyegawa 360 kwa 22.5 atapata 16, na ukaguzi utamuumbua haraka: poligoni ya pande 16 ina pembe kati ya mistari ya 180 ÷ 16 = 11.25°.

Mfano 3. Poligoni sawa ikizungushwa nyuzi 40 inajifunika. Je, lazima iwe na pande 9?

Hapana. Swali halikusema kwamba 40° ndiyo pembe ndogo kuliko zote. Hatua ni 360 ÷ n, na 40 inatakiwa iwe hatua moja au hatua kadhaa kamili. Kwa n = 9 hatua ni 40°, inakubali. Kwa n = 18 hatua ni 20°, na 40° ni hatua mbili, inakubali pia. Kwa n = 12 hatua ni 30°, na 40 haigawanyiki kwa 30, inakataa. Majibu yote yanayokubali ni vizidishe vya 9. Swali lingesema "pembe ndogo kuliko zote ni 40°", hapo jibu lingekuwa 9 peke yake. Soma swali neno kwa neno.

Mfano 4. Bendera ya Somalia ni mstatili wa buluu wenye nyota nyeupe ya ncha tano katikati, ncha moja ikielekea juu. Taja mistari ya ulinganifu na daraja la bendera nzima.

Mstatili peke yake una mistari 2: wa wima na wa mlalo. Nyota peke yake ina mistari 5. Bendera nzima ina mistari ile tu iliyomo kwenye vyote viwili. Mstari wa wima unapita kwenye ncha ya juu ya nyota, hivyo ni wa wote. Mstari wa mlalo si wa nyota. Jibu ni mstari 1. Kwa mzunguko, mstatili unajifunika kwenye 180° na 360°; nyota kwenye 72°, 144°, 216°, 288° na 360°. Pembe iliyo kwenye orodha zote mbili ni 360° peke yake. Daraja ni 1.

Zoezi

1. Poligoni sawa ina pande 20. Ni mistari mingapi ya ulinganifu inayopita kwenye vipeo? Pembe ndogo kuliko zote ya mzunguko ni ipi?

2. Pembe ya ndani ya poligoni sawa ni 140°. Tafuta idadi ya mistari ya ulinganifu na daraja la mzunguko.

3. Mwanafunzi ameandika kwamba pembe ndogo kuliko zote ya mzunguko wa poligoni fulani sawa ni 50°. Eleza kwa nini haiwezekani.

4. Mistari ya ulinganifu inayofuatana ya poligoni sawa inaachana kwa 18°. Ni mingapi kati yake inayounganisha katikati za pande mbili?

5. Pembetatu ya pande sawa imewekwa doa kwenye kipeo kimoja. Taja mistari yake na daraja lake. Je, doa likihamishiwa kwenye kitovu?

6. Sarafu ya zamani ya senti 5 ya Tanzania ina pande 12. Ukizingatia ukingo tu, je, inajifunika ikizungushwa 90°? Na 100°?

7. Nati ya mraba inafunguliwa kwa spana yenye mdomo wazi ulionyooka na mpini. Spana inaishika nati tena baada ya nyuzi ngapi? Je, kuipindua spana kunasaidia?

Majibu

1. Mistari 10, 18°.

2. Pembe ya nje ni 40°, n = 9; mistari 9, daraja 9.

3. 360 ÷ 50 = 7.2, na hakuna poligoni yenye pande 7.2.

4. n = 180 ÷ 18 = 10; mistari 5.

5. Mstari 1, daraja 1. Doa likiwa kwenye kitovu: mistari 3, daraja 3.

6. Hatua ni 30°. Kwa 90° ndiyo, ni hatua tatu. Kwa 100° hapana.

7. Nyuzi 90. Kuipindua hakusaidii, kwa sababu mpini uko kwenye mstari wa ulinganifu wa mdomo, na ukipindua unabaki palepale.